Ukungu Si Mvuke

Julai ya mwaka jana mtoto wa dadangu alikuwa na miezi minane na pua iliyoziba kabisa. Kama umewahi kulala nyumba moja na mtoto mchanga mwenye mafua, unajua hiyo kelele. Si kilio, ni kama mtu anajaribu kunywa uji mzito kwa mrija. Ananyonya mara mbili, anaacha ziwa, anapumua kwa mdomo, anakasirika, anaanza tena. Saa nane usiku nyumba nzima iko macho, pamoja na mimi, ambaye nilikuwa nimehamia sebuleni kwa dada "kwa wiki mbili tu" baada ya kuacha chuo. Wiki mbili zilikuwa zimefika mwezi wa tano.

Mama alipigiwa simu asubuhi, na jibu lake lilikuwa fupi. "Mama Baraka, weka bakuli la maji karibu na kitanda. Sisi tuliwalea hivyo."

Dada hakuweka bakuli. Aliingia mtandaoni akaagiza ile mashine ya kutoa ukungu, hyumidifaya, nyeupe, umbo la yai, yenye taa inayobadilika rangi. Ililetwa na mtu wa bodaboda kabla ya saa kumi. Tuliijaza maji ya mfereji, tukaiwasha, na kweli ilipendeza. Ukungu ulipanda kama moshi wa ubani, chumba kikawa kama video ya muziki.

Siku ya sita nikamkuta dada jikoni ameshika tangi la ile mashine. Ndani lilikuwa limeanza kuteleza, ule uterezi wa ndoo iliyokaa na maji. Mkono mwingine alikuwa na chupa ya dawa ya kuua vijidudu, ile ya kupigia deki.

"Naweka kifuniko kimoja tu," akasema. "Iue hao wadudu ndio mtoto asivute uchafu."

Ukisikia haraka, hayo ni maneno ya mzazi makini. Ni usafi. Mimi mwenyewe sikuona kosa, nilimzuia tu kwa sababu harufu ilikuwa kali. Usiku huo nikiwa sina usingizi nikaanza kusoma, na nikakuta kuna nchi nzima iliyowahi kufanya kile alichotaka kufanya dada, kwa sababu ileile, kwa miaka 17. Nchi hiyo ni Korea Kusini, na mpaka leo haijamaliza kuhesabu waliokufa.

*

Tuanze na baridi yao, kwa sababu bila hiyo hadithi haieleweki.

Baridi ya Seoul si hii yetu ya Julai ya kuvaa sweta na kulalamika. Upepo unashuka kutoka Siberia, na Januari maji ya nje yanaganda. Hewa ya baridi haiwezi kubeba maji mengi. Kwenye nyuzi sifuri, mita moja ya ujazo wa hewa hubeba gramu 5 hivi za maji, basi. Sasa ichukue hewa hiyohiyo, iingize ndani ya nyumba, uipashe moto hadi nyuzi 20. Hewa ya joto hilo ina nafasi ya gramu 17, lakini hakuna aliyeiongezea maji. Bado ina zile 5 ilizoingia nazo. Kwa hiyo kiwango cha unyevu kinashuka hadi chini ya asilimia 30. Hewa inakuwa na kiu, na inakunywa popote inapopata: kwenye midomo, kwenye ngozi, kwenye mbao za meza, na ndani ya pua.

Pua kazi yake kubwa si kunusa. Ni kuipasha hewa joto na kuilowesha kabla haijafika kwenye mapafu. Ndani yake kuna kamasi jepesi na vinyweleo vidogo sana vinavyolisukuma kamasi hilo taratibu kuelekea kooni, likiwa limebeba vumbi na vijidudu. Hewa ikiwa kavu sana, kamasi linakauka na kuwa zito, vinyweleo vinashindwa kulisukuma, linaganda. Unaamka na pua yenye maganda, koo limekwaruza, mtoto anatokwa damu kidogo puani.

Wakorea wana desturi ya zamani ya kupasha joto sakafu, inaitwa ondoli, na maghorofa yao ya kisasa bado yanapashwa joto chini kwa mabomba ya maji moto. Ni raha, lakini chumba kinakauka. Dawa za nyumbani zilikuwa zile ambazo hata mama yangu angezitambua: bakuli la maji chumbani, au nguo zilizofuliwa zikaanikwa ndani usiku. Halafu zikaja mashine, na za bei nafuu zaidi zikawa zile za mtetemo, ndugu za ile ya dada. Familia yenye mtoto mchanga au mama mjamzito ndiyo ilikuwa ya kwanza kununua.

Hapa ndipo lazima tutofautishe vitu viwili ambavyo kwa mazoea tunaviita jina moja.

Maji kwenye bakuli yanapokauka, yanaondoka chembe moja moja kama mvuke. Mvuke hauonekani. Na unapoondoka, unaacha nyuma kila kitu kisichokuwa maji. Ndiyo maana sufuria ya chai ina ukoko mweupe chini, na ndiyo maana chumvi hutengenezwa kwa kuanika maji ya bahari juani. Maji yanakwenda, chumvi inabaki. Kwa hiyo bakuli la mama, hata maji yake yakiwa na chumvichumvi, linatuma hewani maji peke yake.

Mashine ya mtetemo haifanyi hivyo. Chini ya tangi kuna kisahani kidogo kinachotetemeka zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde. Mtetemo huo unayapasua maji kuwa matone madogo kupita kiasi, madogo mara nyingi kuliko upana wa unywele, na feni inayasukuma nje. Huo unaouona ukipanda ni ukungu, si mvuke. Ni maji yenyewe yamekatwakatwa, na kila kilichokuwa kwenye tangi kinasafiri ndani ya matone hayo: chokaa, bakteria wa ule uterezi, na chochote ulichomimina wewe. Tone likikauka njiani, kilichokuwa ndani yake kinabaki hewani kama vumbi laini. Na tone dogo kiasi hicho halinaswi lote puani. Linaweza kushuka hadi kwenye vifuko vya hewa mwisho kabisa wa mapafu.

Bakuli linachuja. Mashine ya mtetemo inarusha. Kila kitu kilichotokea Korea kimo ndani ya tofauti hiyo.

*

Tatizo la uterezi Wakorea walilijua mapema. Magazeti na madaktari waliwaambia watu waoshe matangi kila siku, na kuosha kila siku kunachosha. Mwaka 1994 kampuni ya Yukong, ya kundi la makampuni ambalo baadaye lilijulikana kama SK, ikaleta suluhisho sokoni: dawa ya maji ambayo unamimina kidogo kwenye tangi kila unapobadilisha maji, nayo inaua vijidudu. Husugui, huhangaiki. Ilitangazwa kama kitu salama kwa binadamu.

Ilikuwa bidhaa ambayo, kadiri inavyojulikana, haikuuzwa kwa wingi namna hiyo mahali pengine popote duniani. Kampuni nyingine zikaona biashara. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya Oxy, kampuni ya Korea iliyonunuliwa mwaka 2001 na Reckitt Benckiser ya Uingereza. Maduka makubwa nayo yakatoa chupa zenye majina yao. Lebo zilisema kitu kilekile: salama, hata penye watoto. Mamilioni ya watu wakatumia. Chupa ilikaa kwenye rafu karibu na nepi na sabuni ya maziwa, na mzazi aliyejali ndiye aliyeichukua. Aliyekuwa mvivu aliendelea na tangi lake chafu, na huenda uvivu huo ndio uliomwokoa.

Ndani ya chupa hizo mlikuwa na kemikali za aina chache. Iliyoleta maafa makubwa zaidi inaitwa kwa kifupi PHMG. Inaua bakteria kwa kung'ang'ania ngozi yao ya nje na kuipasua. Kwenye ngozi ya mtu haina shida kubwa, kwa sababu ngozi yetu ina tabaka nene la seli zilizokufa, ni kama koti. Ukiimeza kidogo, tumbo lina ukuta wake na ini linasafisha. Kwa vipimo vya aina hiyo ilionekana ni kemikali mpole, ikaruhusiwa kwa kazi kama kutunza mazulia.

Lakini mapafu hayana koti. Kile kifuko cha hewa kina ukuta wa seli moja tu, mwembamba makusudi ili oksijeni ipite kuingia kwenye damu. Weka pale kitu kinachopasua ngozi za seli, kila usiku, saa nane kila usiku, kwa miezi minne ya baridi. Ukuta unaumia, mwili unajaribu kuutengeneza, na unautengeneza kwa kovu. Kovu halipitishi oksijeni. Pafu linakuwa gumu kama sponji iliyokauka.

Hakuna aliyekuwa amepima hilo kabla ya kuuza. Sheria ilikuwa na tundu: kemikali ikishapasishwa kwa kazi moja, hakuna aliyelazimika kuipima upya ikipewa kazi nyingine. Na kwa kuwa ile chupa haikuitwa dawa ya binadamu, ilipita kama bidhaa ya kawaida ya nyumbani, jirani ya sabuni ya vyombo. Swali "je, mtu akiivuta?" halikuwa na ofisi ya kuliuliza, ilhali bidhaa yenyewe haikuwa na kazi nyingine yoyote isipokuwa kurushwa hewani na kuvutwa.

*

Unaweza kuuliza, mbona ilichukua miaka 17? Watu wanakufa na hakuna anayeona?

Waliona, ila vipande vipande. Tangu mwaka 2006 madaktari wa watoto kwenye hospitali kubwa za Seoul walikuwa wakipokea watoto wadogo wenye ugonjwa wa mapafu ambao hawakuuelewa. Mtoto anaanza na kikohozi kama mafua tu, baada ya wiki chache anapumua kwa shida, picha zinaonyesha mapafu yenye makovu, na dawa hazisaidii. Walipima virusi, hawakukuta kimoja kinachoelezea yote. Waliandika ripoti, wakaulizana kati ya hospitali na hospitali. Kulikuwa na jambo moja geni: wagonjwa walikuja mwisho wa baridi na majira ya kuchipua, na kiangazi kikifika, kimya. Mwaka ujao, tena.

Ukiona ugonjwa wa kifua unaofuata majira, akili inakimbilia virusi. Ndivyo mafua yanavyofanya. Hakuna aliyewaza kwamba kuna kitu kingine kinachofuata majira vilevile: mashine inayotolewa kabatini baridi ikianza na kurudishwa kabatini joto likija.

Mwanzoni mwa 2011 ikawa zamu ya watu wazima. Kwenye hospitali ya Asan, Seoul, wakalazwa wanawake kadhaa ndani ya muda mfupi, karibu wote wajawazito au waliojifungua juzi juzi, mapafu yakiwa yanashindwa. Wanawake vijana waliokuwa wazima mwezi uliopita. Wengine waliwekewa mapafu ya kupandikizwa, wengine wakafa. Madaktari wakaiarifu taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, na safari hii wakaja wapelelezi wa magonjwa.

Walichofanya ni kitu rahisi kukielewa. Waliwachukua wagonjwa 18, wakawalinganisha na watu wengine wa hospitali hiyohiyo wasio na ugonjwa huo. Kisha wakauliza maswali ya kuchosha kuhusu maisha ya kila siku. Unapika na nini? Una kuvu ukutani? Unapuliza dawa ya mbu? Una mnyama? Unatumia mashine ya unyevu? Unaweka nini ndani?

Jibu moja likajitenga na mengine yote. Uwezekano wa mgonjwa kuwa ametumia ile dawa ya tangi ulikuwa karibu mara 47 ya uwezekano wa asiyekuwa mgonjwa. Kwenye utafiti wa aina hii, mara mbili inakufanya uinue kichwa. Mara 47 inakufanya usimame.

Na sasa ile siri ya wajawazito ikafunguka. Ugonjwa haukuwa na chuki maalum na akina mama na watoto wachanga. Hao ndio walioshinda na kulala kwenye chumba chenye mashine, mlango umefungwa, mashine karibu na mto, ili wasipatwe na mafua. Baba alikwenda kazini na kuvuta hewa nyingine saa kumi kwa siku.

Tarehe 31 Agosti 2011 serikali ikawaambia watu waache kutumia dawa hizo. Novemba, baada ya majaribio kwa wanyama kuonyesha makovu yaleyale, ikaamuru zitolewe madukani. Ikaja baridi ya 2011 kuelekea 2012, ikaja majira ya kuchipua ambayo kila mwaka yalileta wagonjwa. Wagonjwa wapya hawakuja. Hakuna chanjo iliyogunduliwa, hakuna dawa mpya. Chupa ziliondoka tu.

Haki yenyewe ilikwenda pole pole sana. Uchunguzi mkubwa wa waendesha mashtaka ulishika kasi mwaka 2016, na ndipo Reckitt Benckiser ikaomba radhi hadharani, miaka mitano baadaye, mbele ya wazazi waliokuwa wakipiga kelele kwa hasira. Mwaka 2017 ikaanza kutumika sheria maalum ya kuwafidia waathiriwa. Mwaka 2018 mahakama ya juu ikathibitisha kifungo cha miaka sita kwa mkuu wa zamani wa Oxy. Waliotambuliwa rasmi kama waathiriwa wamepita 5,000, na baadhi yao walishafariki. Kesi dhidi ya kampuni nyingine zimepanda na kushuka mahakamani kwa miaka.

Kilichonikaa kichwani, hata hivyo, si mahakama. Ni kitu ambacho wazazi wa Korea wamekirudia tena na tena wanapohojiwa: kwamba waliimimina kwa mikono yao wenyewe. Kampuni iliuza na serikali ikapitisha, lakini usiku aliyeinuka kuongeza kidogo kwa sababu mtoto anakohoa alikuwa mama. Mtoto akikohoa zaidi, anaongeza zaidi.

*

Asubuhi nilimweleza dada hadithi hii akiwa anamnyonyesha Baraka. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza swali la maana kuliko yangu yote: "Sasa nifanye nini na hiyo pua?"

Basi turudi kwenye bakuli, na tuwe wakweli nalo.

Niliazima mizani ya jikoni ya jirani anayeoka keki. Nikajaza bakuli la plastiki la upana wa sentimita 25, nikalipima, nikaliweka chumbani usiku, nikalipima tena asubuhi. Lilikuwa limepoteza gramu 40 na kitu. Hiyo ni vijiko vitatu vya chakula, usiku kucha.

Sasa fikiria chumba cha Seoul cha mita 3 kwa 4, dari ya mita 2 na nusu. Ni mita 30 za ujazo. Kukitoa kwenye asilimia 28 hadi 45 unahitaji kama gramu 3 kwa kila mita, yaani gramu 90. Lakini hewa inavuja, kila saa ya nje inaingia na ya ndani inatoka. Tuseme nusu ya hewa ya chumba inabadilika kwa saa. Kwa usiku wa saa nane utahitaji karibu nusu lita kwa jumla. Bakuli langu lilitoa chini ya sehemu moja ya kumi ya hiyo. Kwa hiyo bakuli la mama halina madhara, lakini peke yake pia halifanyi kitu kikubwa. Maji yanakauka juu tu, kwenye uso wake, na uso wa bakuli ni mdogo.

Ndiyo sababu wale waliokuwa wakianika nguo ndani walikuwa na akili kuliko sisi wote. Taulo kubwa la kuogea lililokamuliwa vizuri linabaki na karibu nusu lita ya maji, na ukilitandaza kwenye kamba lina pande mbili pana za kukaukia. Linaweza kutoa karibu yote kabla ya asubuhi. Ni mvuke mtupu, halina tangi la kuota uterezi, halina umeme.

Halafu kuna swali ambalo tulipaswa kuliuliza kabla ya kununua chochote: kwani hewa yetu ilikuwa kavu? Nairobi mwezi wa Julai kuna wingu kutwa, nguo hazikauki siku mbili, ukuta wa bafu una madoa. Hatupashi nyumba joto, kwa hiyo ile hesabu ya Seoul haituhusu. Kipima unyevu kidogo cha kuweka mezani, cha bei ya chakula cha mchana, kilionyesha chumba cha Baraka kiko asilimia 68 kabla hata ya kuwasha mashine. Inayofaa ni kati ya 30 na 50. Ikipita 60 muda mrefu, kuvu na wadudu wa vumbi wanafurahi, na hao nao wanaziba pua. Kwa wiki nzima tulikuwa tunamlowesha mtoto aliyekuwa tayari amelowa. Ishara zilikuwepo: dirisha likitoa jasho asubuhi, shuka likiwa baridi na zito, harufu ya kabati la shosho. Mashine ingeweza kuwa na maana Januari na Februari, mchana wa jua kali na vumbi, au kwa ndugu yako aliye Kanada au Ujerumani chumba kikipashwa moto usiku kucha.

Tena pua iliyoziba kwa mafua haijazibwa na kamasi peke yake. Kinachoziba sana ni nyama ya ndani iliyovimba kwa damu, na hewa yenye maji haiwezi kuushusha uvimbe huo. Inalilainisha kamasi ili litoke, basi. Kilichomsaidia Baraka kilikuwa matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa, tone moja au mawili kila tundu kabla ya kunyonya, kisha kumfyonza kamasi na kile kipira. Muuguzi wa kliniki alituambia pia cha kuangalia: akipumua mbio mbio, ngozi ya chini ya mbavu ikizama kila akivuta pumzi, au akikataa kunyonya kabisa, hiyo si kazi ya bakuli wala mashine, ni ya hospitali, hata kama ni usiku.

Na kujifukiza, ambako mwaka 2020 kulirudi kwa kishindo, Tanzania wakipiga nyungu na sisi huku tukichemsha majani ya mkaratusi? Kwa mtu mzima kunaleta nafuu ya muda. Kwa mtoto mdogo hatari si mvuke, ni sufuria. Maji yaliyochemka chini ya blanketi, na mtoto anayerusha miguu, ndivyo watoto wanavyoungua.

Mashine hatukuitupa. Dada aliiosha kwa siki, akaisuuza, akaikausha, akaiweka kabatini mpaka Januari. Sheria yake sasa iko kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye yai lile jeupe: maji yaliyochemshwa yakapoa, yamwagwe kila asubuhi, tangi lisuguliwe na kukaushwa, na ndani yake kusiingie kitu kingine. Si dawa, si mafuta ya kunukia, si robu. Nilimkumbusha kwamba kuchemsha kunaua vijidudu lakini chokaa inabaki, kwa hiyo akiona vumbi jeupe juu ya meza ajue na mtoto analivuta, na afadhali atumie maji yaliyotoneshwa. Akaniangalia vile dada mkubwa humwangalia mtu anayelala sebuleni kwake bure.

Mama alikuja kututembelea mwezi wa nane. Aliingia chumbani, akaona taulo bichi limeanikwa kwenye kamba juu ya kiti. Mimi ndiye niliyelisahau pale baada ya kuoga.

"Afadhali," akasema. "Angalau mmeanza kusikia."

Hakuna aliyemsahihisha. Baraka alikuwa amelala, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua.